Wifi ndiye msusi wangu wa harusi. Nimwambie yote kuhusu nywele zangu?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, naishi Dar es Salaam, na harusi yangu imebaki wiki 7. Kichenpati itakuwa wiki 3 kabla ya harusi, sendofu wiki moja kabla. Atakayenitengeneza nywele ni wifi yangu, dada wa mchumba wangu. Ana saluni yake, na amesema kichwa changu ndiyo zawadi yake kwetu, hataki hata senti.

Nimetamani rangi ya asali. Nimeona picha ya bibi harusi mmoja, nywele zimesukwa nyuma, zinang'aa kama zimepigwa jua, na moyo wangu umebaki pale. Nikamwandikia wifi meseji hii, lakini ni siku ya nne sasa sijaituma:

"Wifi, habari za kazi. Naomba nafasi Jumamosi yoyote kabla ya kichenpati tujaribu ile rangi ya asali niliyokutumia picha. Tukiipenda tuiache, tusipoipenda turudishe nyeusi yangu. Nywele zangu ni za dawa, hazina tatizo lolote. Nitakuja zimeshaoshwa."

Kinachonizuia ni haya. Kwanza, naogopa ataona simwamini kwa kutaka majaribio kwenye zawadi. Pili, sijasema ukweli wote. Nina mvi tangu nikiwa na miaka 25, na kwa miaka miwili sasa nazificha kwa unga mweusi wa pakiti, kila baada ya miezi miwili, najipaka mwenyewe bafuni. Mara ya mwisho ni wiki 5 zilizopita. Nyumbani kwa mchumba wangu hakuna anayejua, na mama mkwe ni mtu wa maneno. Dawa niliweka wiki 3 zilizopita kwenye saluni nyingine. Nywele zinafika mabegani, kama sentimita 30.

La mwisho huenda si kitu. Mwaka jana kwenye harusi ya binamu yangu nilichorwa piko, siku ya pili mkono ukawasha na mchoro ukavimba. Ulipona wenyewe. Kwa kuwa safari hii rangi si nyeusi, nadhani haihusiani.

Niitume kama ilivyo?

Bibi harusi mtarajiwa

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu, na hongera. Meseji yako nimeisoma kwa jicho la msusi kwanza, la shangazi likafuata, maana nilisimama nyuma ya kiti cha saluni miaka mingi kabla sijapewa ukurasa huu. Ni meseji ya adabu. Tatizo lake ni kwamba wifi yako akiipokea kama ilivyo, atajiandaa kwa kichwa cha mtu mwingine.

Niruhusu nilishike hilo neno "tujaribu". Mekapu unaijaribu, ukanawa. Shela unalijaribu, ukavua. Rangi ya asali juu ya nywele nyeusi haivuliki, kwa sababu haikai juu ya unywele kama poda. Wasusi wana ngazi zao za weusi na weupe, kuanzia 1 hadi 10. Nyeusi kama yako iko ngazi ya 1 au 2. Asali ya kwenye picha yako, nikikisia, ni ya 7. Ili rangi hiyo ionekane, lazima kwanza weusi ung'olewe kwa blichi iliyokorogwa na perokisaidi, na unywele unapong'oka rangi haurukii kwenye asali moja kwa moja. Unapita wekundu, kisha uchungwa, kisha unjano, na katikati ya safari hiyo ndipo msusi anasimamisha na kuweka rangi yake juu. Siku utakayokwenda "kujaribu", kazi hiyo yote itakuwa imeshafanyika kichwani kwako. Kwa hiyo Jumamosi unayoiomba, ujue ndiyo siku yenyewe ya kupaka.

Ndiyo maana sentensi yako ya kurudisha nyeusi inanitia wasiwasi zaidi ya ile ya kujaribu. Kurudisha nyeusi kunawezekana, nimeirudisha mara nyingi. Lakini unywele uliopitiwa na blichi unakuwa kama sifongo: unainywa rangi haraka, mahali pengine sana na pengine kidogo, na baada ya kuoshwa mara chache nyeusi hiyo inachuja na kubaki vumbi vumbi, wakati mwingine na kivuli cha kijani. Na udhaifu ulioingia haurudi nyuma pamoja na rangi. Utakuwa na nyeusi kama ya mwanzo kwa macho, juu ya nywele ambazo si zile za mwanzo.

Sasa twende kwenye ule unga. Nywele zinakua kama sentimita moja na robo kwa mwezi, wengine pungufu kidogo. Zako ni sentimita 30. Piga hesabu: ncha inayogusa bega lako leo ilitoka kwenye ngozi miaka miwili iliyopita, ndiyo kusema imeshuhudia kila pakiti uliyokoroga bafuni. Kama kila mara ulikuwa unajipaka kichwa kizima badala ya maotea tu, ncha hizo zimebeba tabaka kumi na mbili za nyeusi. Hili wifi yako hawezi kuliona kwa macho. Nyeusi ya kuzaliwa na nyeusi ya pakiti, zikishatiwa dawa na kupigwa pasi, zinafanana. Tofauti inajitokeza blichi ikishawekwa, na saa hiyo ni kuchelewa.

Nitakueleza nilivyoiona mimi. Alikuja binti mmoja, naye ana harusi yake, akaniambia kama ulivyoandika wewe: "hazina tatizo lolote." Nilipaka kuanzia chini ya kichwa nikipanda. Dakika ya kumi na tano nikafunua kipande kimoja cha foili, nikaona sentimita mbili za karibu na ngozi zimeshakuwa rangi ya chungwa inayopiga kelele. Pale ndipo penye maotea mapya yasiyo na rangi, na joto la ngozi ya kichwa linaharakisha blichi. Kuanzia hapo kushuka chini, nyeusi tii. Nikasubiri. Katikati ikatoka rangi ya matofali, yenye mabaka. Ncha zikagoma kabisa. Nilipomuuliza akaanza kulia, akasema mama yake humpaka unga. Kumwongezea blichi kwenye ncha zenye dawa ilikuwa ni kuzikata, kuacha vile ilikuwa ni aibu. Tulimaliza kwa kumrudisha nyeusi, akavaa wigi siku ya harusi, na nywele zake za nyuma ya sikio zilikatika miezi miwili mfululizo. Lile kosa nalibeba mimi pia, maana niliambiwa "hazina tatizo" nikaridhika, nisiulize zaidi.

Na hilo la dawa. Dawa ya kulainisha inanyoosha unywele kwa kuvunja vile viungo vya ndani vinavyoupa nguvu na mkunjo wake. Blichi nayo inaenda kugusa viungo hivyo hivyo. Mmoja ameshakula nusu ya ugali, mwingine anakaribishwa mezani. Wako wenye nywele nene za dawa waliopitishwa blichi taratibu, kwa perokisaidi ya nguvu ndogo, wakatoka salama. Wako pia wasusi wazuri ambao hawagusi kabisa, na hawakosei. Angalau, kati ya dawa na rangi ya kudumu ziachwe wiki 2, na dawa ndiyo itangulie.

Hapo kuna hesabu ambayo naona hujaifanya. Umeweka dawa wiki 3 zilizopita na harusi iko wiki 7 mbele. Siku ya harusi utakuwa na wiki 10, maotea yamefika sentimita mbili na ushee, na kila shangazi atakayekuona kwenye sendofu atakwambia "mwanangu, ritachi". Ukiweka blichi wiki ya 5 kabla ya harusi halafu ukaweka ritachi wiki ya mwisho, hiyo dawa ikiteleza kidogo tu kwenye nywele zilizokwisha kung'olewa rangi, zinakatikia pale pale kwenye mpaka, kwenye chanuo, siku mbili kabla ya shela. Ukiiwahisha ritachi iwe kabla ya rangi, utakuwa hujafika hata wiki 8 za kusubiri kati ya dawa na dawa, na rangi itasogezwa ikaribie mno na harusi. Ukiiacha ritachi mpaka baada ya fungate, itabidi maotea yalazwe kwa rola na pasi, na joto la Dar unalijua, ukitoka jasho ukumbini yatasimama. Kila njia ina bei yake, na ni vyema muipange mkiwa wawili, kalenda mkononi, kabla hata hamjaongelea asali.

Kipo kitu kinachoweza kujaribiwa kweli bila kukuharibia, nacho ni kishungi. Wifi yako akate nywele chache, unene wa uzi wa kusukia, sehemu mbili: nyuma karibu na shingo, na ndani ya utosi pale unapojipaka sana. Azikate karibu na ngozi ili apate maotea, katikati na ncha kwa pamoja. Azifunge uzi upande mmoja, azipake mchanganyiko ule ule anaokusudia kuutumia, akiwa na saa mkononi. Mtaona vitu vitatu. Mtaona ncha zinang'oka au zinagoma. Mtaona inachukua dakika ngapi, na rangi inasimama wapi: kwenye matofali, kwenye chungwa au kwenye asali. Halafu, kishungi kikishaoshwa na kingali kimaji, ashike unywele mmoja kwa vidole viwili auvute polepole. Unywele mzima ukiwa maji unavutika kwa nyongeza ya karibu nusu ya urefu wake, kisha unarudi. Ukivutika kama bablishi na usirudi, au ukikatika papo hapo, hilo ndilo jibu la kichwa kizima, na mmelipata kwa gharama ya nywele ishirini.

Kipeleke kishungi hicho mlangoni, kwenye jua. Kiweke juu ya kitambaa cha shela lako, maana asali iliyo nzuri kwenye nyeupe ya maziwa inaweza kuonekana chungwa kwenye nyeupe ya theluji. Mpige picha kwa fleshi. Mpiga picha wa harusi yako atatumia mwanga huo huo, na fleshi ina tabia ya kuufichua uchungwa ambao kioo cha saluni kinaustiri.

Nikutahadharishe na jambo dogo hapa katikati. Kwa ratiba yako, zamu ya unga inakujia wiki 3 kuanzia sasa, kama wiki moja kabla ya kichenpati, na najua mkono utakuwasha kwenda kwenye pakiti. Ukijipaka, kishungi cha leo hakitakuwa na maana tena, maana utakuwa umeyafunika maotea ambayo ndiyo sehemu pekee iliyokuwa safi. Na kuhusu kuja "zimeshaoshwa": wengi wanadhani ni heshima kwa msusi. Kwa blichi, ngozi ya kichwa iliyokaa siku moja au mbili bila kuoshwa wala kukwaruzwa na chanuo inastahimili zaidi. Muulize mwenyewe anapendaje.

Sasa mkono wako.

Umeuweka mwisho, kwa neno "huenda si kitu", na mimi ndilo lililonifanya niweke chai chini. Hina ya majani haitoi nyeusi popote duniani. Inatoa chungwa inayokolea kuwa kahawia au nyekundu ya tofali. Piko inakuwa nyeusi kwa sababu mara nyingi ndani yake umekorogwa unga wa rangi ya nywele, wenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwenye pakiti nyingi hufupishwa PPD. Ni ile ile ambayo huenda imo kwenye unga wako wa bafuni. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele kwa kipimo kisichozidi asilimia 2, na hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Mchoraji wetu wa mtaani anakoroga kwa kukisia, anachora kwenye ngozi, na anakuacha nayo ikauke.

Mchoro unaovimba na kuwasha siku ya pili, ukifuata mistari ya ua lile lile, ndivyo mzio wa kitu hiki unavyojitambulisha. Kwa kawaida hauji papo hapo. Unakuja baada ya siku moja hadi tatu, na ndiyo maana watu hulaumu chakula cha harusini. Mwili ukishakikataa kitu hiki, kwa kawaida haughairi. Unaweza kukipaka mara kadhaa ukanusurika, kisha siku moja ukaamka na kope zimevimba, masikio yamekuwa mazito na paji la uso linachuruzika maji.

Umeandika kuwa safari hii rangi si nyeusi. Kwa bahati mbaya kemikali hii haiko kwenye nyeusi peke yake. Rangi nyingi za kudumu, kahawia na asali zikiwemo, hutengenezwa nayo au na ndugu yake wa karibu, na aliyekataliwa na mmoja mara nyingi hukataliwa na wa pili. Blichi yenyewe haina PPD, ingawa ina mambo yake, lakini ile rangi ya kupooza uchungwa inayowekwa juu ya blichi huenda inayo. Nami najiuliza, na wewe jiulize: tangu mkono uvimbe mwaka jana, umejipaka ule unga mara ngapi, na kichwa kilikuwaje? Uliwahi kuwashwa nyuma ya masikio ukadhani ni mba? Ulipata vipele shingoni siku mbili baadaye? Sijui majibu yako, na hata ukiniambia "hapana" zote sitathubutu kukwambia uko salama.

Saluni hupima mzio kwa kupaka tone la rangi nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na kusubiri saa 48. Kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na shida, ni sawa. Kwa wewe uliyekwisha kuvimba, kipimo hicho ningependa kisimamiwe na daktari wa ngozi, na wiki 7 zinatosha kwenda kwenye kliniki ya ngozi Muhimbili au hospitali nyingine yenye daktari huyo. Mweleze kuhusu piko, mpelekee pakiti ya unga. Uvimbe wa uso au kubanwa pumzi ukikutokea baada ya rangi yoyote, hapo hakuna kusubiri asubuhi, ni hospitali usiku huo huo. Na mchoraji wa hina utakayemwita siku mbili kabla ya harusi aambiwe mapema kwamba unataka hina ya majani tu, iliyokorogwa ukiona. Siku mbili ndizo hizo hizo za mzio kujitokeza, ukutane nao ukiwa madhabahuni au ukumbini.

Kwa hiyo mbele yako naona njia kadhaa, na sitakuchagulia. Unaweza kuendelea na asali ya kichwa kizima, ikiwa daktari atakuruhusu na kishungi kikipita. Hiyo inatakiwa ifanywe wiki ya 5 kabla ya harusi au hapo karibu, ili kichenpati ndiyo iwe siku ya kuitazama rangi ukumbini, na siku kumi kabla ya harusi ipoozwe na kung'arishwa kidogo tu. Ni njia nzuri kuliko zote ikifaulu, na ndiyo yenye hatari nyingi kwa historia ya kichwa chako.

Unaweza kuomba mishipa michache ya asali kwenye nywele za mbele na za pembeni, ikipakwa ndani ya foili bila kugusa ngozi. Ngozi ikiepushwa, hatari ya mzio inapungua, ingawa haiishi, kwa kuwa nywele huoshwa na maji yanapita kichwani. Blichi inagusa nywele kidogo, na ikiharibika inafichika. Lakini ncha zako zenye unga zitagoma vile vile, na mishipa inayoanza asali na kuishia nyeusi inahitaji mkono wa fundi ionekane imekusudiwa.

Au asali isiwe ya nywele zako kabisa. Ile picha uliyoipenda, itazame tena ukiwa umetulia. Nywele zimesukwa nyuma na zimejaa kuliko nywele za mabegani zinavyoweza kujaa. Ningeweka dau dogo kwamba nusu ya ile asali ni wivingi. Wifi yako anaweza kununua nywele za kuunga zilizokwisha kupakwa rangi, akazishonea chini ya zako, za kwako zikabaki nyeusi juu na asali ikachungulia kwenye msuko. Hiyo ndiyo pekee ambayo kweli unaweza kuijaribu Jumamosi na kuivua Jumapili. Hasara yake ni kwamba ukishaigusa moyoni unajua si yako, na kwa watu wengine hilo ni zito. Ni wewe unayejua kwako lina uzito gani.

Nimebakiza wifi. Umejiambia kuwa kuomba majaribio ni kumtilia shaka. Mimi nakuomba uligeuze kidogo. Ana saluni, ana jina, na siku hiyo ukumbi mzima utajua nani ametengeneza kichwa cha mke wa kaka yake. Msusi wa namna hiyo haogopi kishungi, anaogopa kushtukizwa. Mtu aliyekuja na historia yake yote nilikuwa nampa kiti kwa furaha. Ila nakubali, simjui wifi yako. Wapo wanaochukia kuelekezwa, na zawadi ina ugumu wake, kwani huwezi kumwambia mtu "fanya tena" kwa kitu ambacho hukulipia. Unaweza kumwambia vifaa vya kishungi na vya rangi unanunua wewe, mkono wake ndiyo zawadi. Inampunguzia mzigo, na wewe inakupa nafasi ya kusema "hapana" bila deni.

Na mvi. Hapa nadhani umefunga vitu viwili kwenye kanga moja. Msusi anahitaji kujua ni nini kimepakwa, lini, mara ngapi, na kama ni kichwa kizima au maotea. Sababu ya kupaka si sehemu ya hesabu yake. Watu wanajipaka nyeusi ili nywele zing'ae tu, wala hakuna anayewauliza. Lakini sitakudanganya pia. Una wiki 5 tangu upake, na wiki mbili nyingine akikugawanya nywele kwa chanuo ataona vyeupe pale chini. Wasusi tunaona mvi za mji mzima na tunanyamaza, ndiyo kazi. Kama yeye ni wa kunyamaza au ni wa kupiga simu kwa mama, unamfahamu kuliko mimi, na kama jibu ni la pili, basi swali lako limekuwa la nani ashike kichwa chako, rangi iwe imewekwa kando. Halafu kuna mchumba wako. Sijaona kwenye barua yako kama yeye anajua. Akijua yeye kwanza, maneno ya mama yatapungua makali. Nakuachia hilo. (Kwa faida yako tu: mvi kwenye asali hazionekani kama kwenye nyeusi, na zikiota mpaka wake ni mpole zaidi.)

Hii hapa meseji nyingine, uipunguze au uiongeze:

"Wifi, habari za kazi. Naomba nusu saa yako wiki hii, tukae tuangalie kama ile asali inawezekana kwa nywele zangu, kabla hatujapaka chochote. Nimeweka dawa tarehe fulani. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipaka unga mweusi kila miezi miwili, mara ya mwisho tarehe fulani, kichwa kizima. Mwaka jana piko ilinivimbisha mkono, kwa hiyo naenda kwanza kwa daktari wa ngozi. Naomba ukate kishungi ukijaribu, vifaa nanunua mimi. Ukiona haifai niambie, tutazame za kuunga."

Hapo kwenye "kichwa kizima" andika kama ni kweli, kama si kweli andika "maotea tu". Neno mvi sijaliweka, uamuzi ni wako. Tarehe zote mbili ziandike kamili, na ile sentensi ya piko, hata ukifuta nyingine zote, iache.